Kufunga ofisi na ghala mwisho wa mwaka: namna ya kuwapa wateja tarehe sahihi ya mwisho ya kuagiza

Kila ikikaribia Desemba maswali ni yaleyale kutoka kwa wauzaji wa jumla na wasimamizi wa maghala wanaopanga likizo kwa mara ya kwanza. Nitangaze lini? Niandike nini? Tarehe ya mwisho ya oda niiweke ngapi? Wengi huchukua siku ya kufunga ofisi, tuseme 24 Desemba, wakaituma kwenye WhatsApp pamoja na picha ya maua na salamu za heri, kisha wakaendelea na kazi nyingine. Mteja wa Mwanza akiisoma anaelewa kwamba akilipa tarehe 23 mzigo wake utatoka. Hautatoka. Ghala linahesabu mali, lori la mwisho limeshaondoka, na fedha yake itakaa kwako mpaka Januari huku rafu zake ziko tupu.

Tarehe anayoihitaji mteja ni ile ambayo akiipita mzigo haumfikii. Tarehe hiyo hutofautiana kwa mteja wa Mwanza, wa Arusha na wa Temeke, na hupatikana kwa hesabu. Hapa chini nimeifanya hesabu hiyo kwa mfano mmoja: muuzaji wa jumla wa madaftari na vifaa vya ofisi, ofisi yake iko Kariakoo, ghala liko Barabara ya Nyerere, na wateja wake ni maduka ya rejareja ya Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Moshi, Arusha, Mbeya na Mwanza. Mwaka ni 2026. Nimechagua madaftari makusudi, kwa sababu shule hufunguliwa Januari. Duka lisilopata mzigo kabla ya wewe kufunga linaingia kwenye msimu wake mkubwa kabisa likiwa halina cha kuuza.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kalenda yenye sikukuu zote. Kwa Tanzania mwaka huu: Jumatano 9 Desemba (Uhuru), Ijumaa 25 na Jumamosi 26 Desemba, Ijumaa 1 Januari 2027, kisha Jumanne 12 Januari (Mapinduzi). Ile ya tarehe 9 husahaulika sana, na inakula siku ya kazi katikati ya wiki yenye oda nyingi.
- Orodha ya wateja yenye jina la duka, mji, namba ya simu na njia wanayolipia. Safu ya mji ndiyo muhimu kuliko zote.
- Jibu la mtunza ghala: oda ikishalipwa, inachukua muda gani kuitoa kwenye rafu, kuihakiki na kuipanga tayari kupakiwa? Muulize kuhusu Desemba, maana jibu la Julai ni tofauti.
- Jibu la msafirishaji: gari la mwisho la kila njia litapakia siku gani? Usimuulize anafunga lini. Anaweza kuwa wazi mpaka tarehe 24 na bado asiwe na gari la Mwanza baada ya tarehe 17.
- Jibu la mhasibu: siku ya mwisho atakayothibitisha malipo na kutoa risiti za EFD.
- Mtu mmoja na namba moja itakayopokelewa muda wote mtakapokuwa mmefunga.

Majibu hayo matatu yapate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Ukikisia moja tu, tarehe zote zinazofuata zitakuwa za kukisia.

## Hatua

### 1. Tenganisha kufunga kwa ofisi na kufunga kwa ghala

Ni milango miwili, na mara nyingi haifungwi siku moja. Biashara nyingi zenye mwaka wa hesabu unaoishia 31 Desemba huhesabu mali wiki ya Krismasi, na wakati wa kuhesabu ghala halitoi wala halipokei kitu. Boksi moja likitoka katikati ya zoezi, takwimu zote za rafu hiyo zinaharibika na mnaanza upya.

Kwa mfano wetu mpango uko hivi:

- Ghala linatoa mzigo kwa mara ya mwisho Jumamosi 19 Desemba, saa 8 mchana.
- Kuhesabu mali ni Jumatatu 21 hadi Jumatano 23 Desemba.
- Ofisi inafungwa Alhamisi 24 Desemba, saa 6 mchana.
- Ofisi na ghala vinafunguliwa Jumatatu 4 Januari 2027.
- Lori la kwanza la mwaka mpya linapakia Jumanne 5 Januari.

Hilo la mwisho lina sababu. Oda zilizolala siku zote za likizo zinahitaji kuthibitishwa malipo na kutolewa risiti kwanza, na kazi hiyo inamaliza Jumatatu nzima. Ukimwambia mteja "tunafungua tarehe 4" bila kutaja siku ya kupakia, atatuma kijana wake na Kirikuu alfajiri ya siku hiyo, na atasubiri getini mpaka jioni.

Sharti moja la kuangalia hapa: mtu wa kutoa risiti lazima awepo mpaka gari la mwisho litoke getini. Mzigo hausafiri bila risiti ya EFD, kwa hiyo mhasibu akiondoka Ijumaa na ghala likaendelea Jumamosi, mtabaki na magari yaliyojaa yasiyoweza kwenda popote.

### 2. Hesabu tarehe ya kila eneo kwa kurudi nyuma

Anza na siku unayotaka mzigo uwe umeshushwa kwa mteja, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Usianze na siku ya oda ukaenda mbele, utajidanganya.

Chukua mteja wa Mwanza. Nataka mzigo wake uwe umeshushwa na kukaguliwa kufikia Jumatatu 21 Desemba. Kwa nini si tarehe 24? Kwa sababu akikuta boksi limelowa au katoni mbili za kaunta buku zimepungua, anahitaji siku chache za kupiga simu wakati ofisi yako bado ina watu. Malalamiko yanayofika baada ya kufunga hukaa wiki mbili, na kufikia Januari hakuna tena anayekumbuka gari lilipakiwaje.

Kutoka Jumatatu tarehe 21 rudi nyuma:

- Safari ya lori Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Msafirishaji katika mfano wetu anasema siku mbili, sisi tunaweka tatu, kwa sababu ya foleni za mizani na msongamano wa barabarani Desemba. Kwa hiyo lori linapakia Alhamisi 17.
- Ghala linahitaji siku nzima ya kuandaa: Jumatano 16.
- Malipo na oda viwe vimekamilika siku moja kabla: Jumanne 15 Desemba, saa 10 jioni.

Hiyo ndiyo tarehe ya Mwanza. Mbeya tumeiweka siku hiyohiyo, japo ni karibu zaidi, kwa sababu msafirishaji ana gari moja tu la njia hiyo wiki ile.

Kwa Arusha, Moshi na Dodoma lori linapakia Ijumaa 18 na mzigo unashushwa kufikia Jumatatu 21, hivyo ghala linaandaa Alhamisi na mwisho wa kuagiza ni Jumatano 16 Desemba, saa 10 jioni. Dar es Salaam na Morogoro mwisho ni Alhamisi 17 Desemba, saa 10 jioni, na mzigo unapelekwa kati ya Ijumaa na Jumamosi. Mteja anayekuja kuchukua mwenyewe awe amelipa kufikia Ijumaa 18, saa 6 mchana, na awe amepakia kabla ya saa 8 mchana Jumamosi 19.

Onyo kuhusu Moshi na Arusha. Ukiwa umezoea kutuma vifurushi kwa basi kutoka Stendi ya Magufuli, usitegemee njia hiyo wiki ya Krismasi. Mabasi ya Kaskazini huondoka yamejaa abiria wanaokwenda nyumbani pamoja na mabegi yao, na kifurushi chako kinaweza kusubiri basi la kesho, kisha la keshokutwa. Kwa wateja wa vifurushi vidogo weka tarehe ileile ya lori.

Ukishapata tarehe, mpigie tena mtunza ghala na umsomee. Akisema "tutajitahidi", rudisha tarehe hiyo nyuma siku moja.

### 3. Amua sheria za malipo kabla ya kuandika neno lolote

Ugomvi mwingi wa Januari unatoka hapa, na karibu wote huzuilika kwa sentensi tatu zilizoamuliwa mapema.

Kwanza, ni nini kinachofanya oda ihesabike kuwa imefika: ujumbe wa oda, au pesa? Mimi nashauri iwe pesa iliyothibitishwa. Mteja akituma orodha tarehe 14 na kulipa tarehe 18, oda yake ni ya tarehe 18. Iandike waziwazi, kwa sababu mteja anahesabu kuanzia alipotuma orodha.

Pili, kila njia ya malipo ina mwendo wake. Pesa ya simu kupitia lipa namba huingia papo hapo, hata usiku wa Krismasi, na huo ndio ubaya wake: mteja atalipa tarehe 22 na kuona ujumbe wa kufanikiwa. Hundi inataka siku za kazi za benki. Kwa mfano wetu hundi za wateja wa mikoani zinatakiwa ziwe ofisini kufikia Alhamisi 10 Desemba, siku moja baada ya Uhuru, ili zipate Ijumaa na Jumatatu za kupita benki kabla ya Jumanne ya mwisho. Mteja wa mkopo awe amepata kibali cha oda yake kabla ya tarehe hiyohiyo, maana bosi anayesaini vibali naye huwa na safari.

Tatu, bei. Pesa inayoingia baada ya tarehe ya mwisho itanunua kwa bei gani Januari? Katika mfano wetu malipo yaliyothibitishwa kabla ofisi haijafungwa tarehe 24 yanabaki na bei ya Desemba hata kama mzigo utatoka Januari. Yanayoingia wakati tumefunga yanafuata bei ya siku ya kufungua. Unaweza kuamua vingine, lakini usiache swali hili lijibiwe na mtu wa mauzo kwa simu mara ya kwanza mteja anapouliza.

### 4. Andika tangazo

Tangazo moja refu kwa barua pepe na karatasi, na toleo fupi kwa WhatsApp na ujumbe wa simu. Weka tarehe ya mwisho juu kabisa, salamu za sikukuu chini. Kila tarehe itaje na siku yake ya wiki: mtu akikosea kuandika 15 badala ya 16, jina la siku litamfichua kabla mteja hajapoteza safari.

Saa pia ziandike kwa utaratibu mmoja, na utaje sehemu ya siku: saa 10 jioni, saa 6 mchana. Ukiandika "mwisho 10:00" peke yake, mmoja atasoma asubuhi na mwingine jioni, na wote watakuwa na haki.

Hili ni tangazo la mfano wetu. Lichukue, badilisha tarehe na namba zako:

> TAREHE ZA MWISHO ZA KUAGIZA KABLA YA KUFUNGA: DESEMBA 2026
>
> Ndugu mteja,
>
> Ili mzigo wako ukufikie kabla ya sikukuu, oda na malipo yawe yametufikia kabla ya saa 10 jioni ya siku hizi:
>
> Mwanza na Mbeya: Jumanne 15 Desemba
> Arusha, Moshi na Dodoma: Jumatano 16 Desemba
> Dar es Salaam na Morogoro: Alhamisi 17 Desemba
>
> Wanaokuja kuchukua wenyewe ghalani: lipa kabla ya Ijumaa 18 Desemba saa 6 mchana, pakia kabla ya Jumamosi 19 Desemba saa 8 mchana.
>
> Wateja wa mikoani wanaolipa kwa hundi: hundi ifike ofisini kufikia Alhamisi 10 Desemba.
>
> Oda huhesabiwa kuwa imefika pale malipo yanapothibitishwa. Tunapakia kwa kufuata mpangilio wa malipo. Malipo yatakayoingia baada ya tarehe hizo yatapakiwa kuanzia Jumanne 5 Januari 2027. Yakithibitishwa kabla ya Alhamisi 24 Desemba saa 6 mchana yatabaki na bei ya Desemba.
>
> Ghala halitatoa mzigo kuanzia Jumatatu 21 Desemba. Ofisi itafungwa Alhamisi 24 Desemba saa 6 mchana. Tutafungua Jumatatu 4 Januari 2027.
>
> Kwa mzigo ambao tayari uko njiani tu, piga: [namba moja].
>
> Tunawatakia sikukuu njema.

Maneno ya kuepuka ni "mapema iwezekanavyo", "kabla ya sikukuu" bila tarehe, na "tutafungua mwanzoni mwa Januari". Usichanganye tangazo hili na kumbusho la deni. Najua inashawishi, kwa kuwa unaandikia watu walewale wiki hiyohiyo, lakini mteja anayedaiwa akiona deni lake katika mstari wa kwanza hatafika kwenye tarehe. Deni liandikie ujumbe wake siku nyingine.

Toleo la ujumbe wa simu, moja kwa kila eneo:

> Mteja wa Mwanza: siku ya mwisho ya kuagiza na kulipa ni Jumanne 15 Des saa 10 jioni. Gari la mwisho litapakia 17 Des. Tutafungua Jumatatu 4 Jan 2027.

Huu hauvuki herufi 160, kwa hiyo unalipiwa kama ujumbe mmoja. Angalizo kwa wanaotumia huduma za ujumbe wa wingi: ukinakili maandishi kutoka Word, kile king'ong'o cha neno kama "ng'ombe" huja kikiwa kimepinda (’) badala ya kunyooka ('). Alama hiyo iliyopinda, sawa na emoji, haimo kwenye herufi za kawaida za ujumbe wa simu, na ikiwepo hata moja nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe uleule unageuka kuwa watatu, na gharama nayo hivyohivyo. Andika upya alama hizo ndani ya mfumo wenyewe kabla ya kutuma.

### 5. Tuma kwa zamu, kila eneo na ujumbe wake

Mara ya kwanza tuma mwishoni mwa Novemba. Kwa mfano wetu ni Jumatatu 23 Novemba, ili duka linalonunua mara moja kwa mwezi liwe na nafasi ya kupanga oda ya Desemba ikijumuisha na mzigo wa Januari. Mara ya pili ni Jumatatu 7 Desemba. Mara ya tatu ni asubuhi ya siku moja kabla ya tarehe ya eneo husika: Mwanza wanapata tarehe 14, Arusha tarehe 15, Dar es Salaam tarehe 16. Usitume kumbusho la Mwanza kwa mteja wa Ilala. Akipokea tarehe mbili tofauti atashika ile ya mwisho aliyoiona, au ile inayompendeza.

Kwenye WhatsApp tengeneza orodha ya matangazo kwa kila eneo. Orodha moja hubeba watu wasiozidi 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Sharti hilo la pili ndilo linalowaangusha wengi. Tangazo linaonekana limetumwa, kumbe nusu ya wateja wapya hawajalipata. Siku moja baada ya kutuma, bonyeza ujumbe kwa muda, fungua taarifa zake, na uone majina ambayo haujawafikia. Hao watumie mmoja mmoja au kwa ujumbe wa kawaida wa simu.

Wateja wakubwa wapigie. Sijaona mbadala wa hili. Chukua wale wachache wanaobeba sehemu kubwa ya mauzo yako na uwaulize moja kwa moja: "Mama, Januari utahitaji katoni ngapi?" Ukipata jibu hilo tarehe 1 Desemba unaweza kumwekea mzigo na kuomba nafasi kwenye lori. Ukilipata tarehe 15 jioni, unaweza tu kumpa pole.

### 6. Weka majibu ya kujituma na karatasi ya getini

Wakati mmefunga watu wataendelea kuandika. Kwenye WhatsApp Business fungua mipangilio ya biashara, chagua `Away message`, kisha `Custom schedule`, uweke kuanza 24 Desemba saa 6 mchana na kuisha asubuhi ya 4 Januari. Angalia vizuri hapo: simu nyingi zimewekwa saa za kizungu, kwa hiyo saa 6 mchana utaiweka kama 12:00 PM. Kwenye Gmail tumia `Vacation responder`. Hiyo humjibu mtu yuleyule mara moja tu ndani ya siku nne, kwa hiyo usiogope kwamba itamjaza mteja barua. Kama biashara yako inaonekana kwenye ramani ya Google, weka `Special hours` kwa kila siku mtakayofunga. Usipofanya hivyo ramani itaendelea kuonyesha mko wazi, na mteja mgeni atapanda daladala kwa kuiamini.

Jibu lenyewe liwe fupi:

> Tumefunga mpaka Jumatatu 4 Januari 2027. Oda utakayotuma sasa itashughulikiwa siku hiyo, na kupakia kunaanza Jumanne 5 Januari. Tafadhali usilipe kabla ya kupata profoma mpya. Kwa mzigo ulio njiani tu, piga [namba].

Ile sentensi ya kutolipa iweke hata ukiona itakupunguzia pesa. Malipo yaliyoingia bila profoma yatakuchukua siku nzima ya kulinganisha majina mwanzoni mwa Januari, na aliyelipa kwa simu ya shemeji yake hutampata.

Karatasi ya getini ichapishwe kwa herufi kubwa, iwekwe kwenye plastiki, kwa sababu Desemba Dar es Salaam kuna mvua. Ibandikwe ofisini na ghalani, kila mahali na tarehe zake. Mlinzi apewe nakala na aelezwe kwa mdomo. Yeye ndiye atakayejibu maswali kwa siku zote hizo, na madereva wengi humuuliza yeye bila kusoma ukutani. Wape nakala pia wanaokuletea mzigo na wakala wako wa forodha, asije mtu na semi la kushusha wakati hakuna kuli wala ufunguo.

### 7. Siku ya kufunga na siku ya kufungua

Kabla ya saa 6 mchana ya tarehe 24 pitia oda zote zilizolipwa na uhakikishe kila moja ina moja kati ya majibu mawili: imeshushwa, au mteja ameandikiwa kwamba itapakiwa 5 Januari. Isibaki oda isiyo na jibu. Mkabidhi mwenye namba ya dharura orodha ya magari ambayo bado yako barabarani, majina ya madereva na simu zao.

Asubuhi ya 4 Januari zima majibu ya kujituma kwanza, kabla ya chai. Kisha watumie wateja ujumbe mmoja: tumefungua, kupakia kunaanza kesho, na Jumanne 12 Januari ni sikukuu ya Mapinduzi, hatutapakia. Hilo la mwisho usilisahau. Wiki hiyo ndiyo ya madaftari, na mteja aliyepanga kupokea mzigo tarehe 13 anahitaji kulijua mapema.

## Mambo yakienda kombo

Mteja amelipa baada ya tarehe ya mwisho na anataka mzigo wake. Mjibu siku hiyohiyo kwa maandishi, umpe njia mbili: kurudishiwa pesa yake, au kupakiwa 5 Januari kwa bei uliyoitangaza. Usiahidi "tutaangalia kama kuna gari". Ukifungua ghala kwa mmoja wakati wa kuhesabu mali, wenzake watajua kabla ya jioni.

Oda zote zimeingia siku ya mwisho na lori limejaa. Ndiyo maana tangazo linasema mnapakia kwa mpangilio wa malipo. Panga majina kwa saa ya malipo, pakia mpaka gari lijae, na wapigie waliobaki usiku huohuo. Kuna suluhisho dogo linalosaidia: mpe aliyebaki nusu ya oda, zile bidhaa zinazokwenda haraka, na nyingine zisubiri Januari. Wenye maduka wengi hukubali, mradi umeuliza kabla ya kupakia.

Mteja anasema hakupata taarifa. Angalia kwanza kama ujumbe ulimfikia au ulitumwa tu. Kama haukufika, kosa si lake. Mpe kipaumbele cha kwanza kwenye lori la 5 Januari, muombe ahifadhi namba yenu, na umhamishie kwenye orodha ya ujumbe wa simu.

Umegundua tarehe iliyotumwa ina kosa. Usihariri kimya kimya. Tuma ujumbe mpya unaoanza na neno MAREKEBISHO, taja tarehe ya zamani na mpya pamoja, kisha badilisha karatasi za getini siku hiyo. Tarehe mpya ikiwa mbele zaidi, ujumbe unatosha. Ikiwa imerudi nyuma, kila mteja wa eneo hilo apigiwe simu.

Lori limeharibika njiani baada ya ofisi kufungwa. Mwenye namba ya dharura ampigie mteja kabla mteja hajapiga, amweleze gari lilipo na lini atapata taarifa nyingine, hata kama taarifa hiyo itakuwa kwamba bado linatengenezwa. Asitoe ahadi ya siku ya kufika aliyopewa na utingo.

Unafunga kwa ajili ya Idi, si Krismasi. Hesabu ni ileile, ila siku yenyewe inategemea mwandamo wa mwezi, na inaweza kuwa moja kati ya siku mbili. Tarehe ya mwisho ya kuagiza ihesabu kutoka ile siku ya mapema zaidi. Kwa kufungua tena, andika zote mbili: "Idi ikiwa Jumatano tutafungua Ijumaa, ikiwa Alhamisi tutafungua Jumamosi." Mteja wa pwani atalielewa hilo bila maelezo zaidi, na mwezi ukiandama umtumie mstari mmoja wa kuthibitisha usiku huohuo.